Sauti za Bibi Pindo

Kwa Bibi Pindo hapakuwa na daftari la vipimo, na mwenye kutaka kucheka acheke. Yeye alipima kwa futi ya kitambaa na kuzungumza na simu: "Msimamizi wa usafi, kifua arobaini, mkono ishirini na mbili, bega la kulia limeshuka kidogo." Alipokaa kwenye cherehani aliisikiliza sauti yake huku mkasi ukikata. Jina la Pindo walimpa wateja kwa sababu aliwahi kulifumua pindo la gauni mara nne, na mwenye gauni amesimama palepale anasema limetosha.

Mtindo huo wa kurekodi vipimo aliubuni mumewe. Mzee ndiye aliyepima wanaume, akitaja namba kwa sauti kubwa, na mkewe akishika simu. Mwaka wa tatu sasa tangu azikwe, lakini sauti zake zilikuwa bado humo ndani, suruali kwa suruali, pamoja na utani wake wote.

Basi simu ikajisasisha. Asubuhi moja ilimpa orodha ya lugha na Kiswahili kikiwemo, Bibi akakibonyeza kwa furaha. Miaka yote hiyo alikuwa akipapasa tu, anakumbuka cha pili kutoka juu, cha tatu kutoka chini. Sasa akasoma mwenyewe: Mipangilio, Betri, Sauti. "Ee, kumbe una mdomo!" akaiambia.

Mdomo wenyewe ulikuwa nusu. Akiingia ndani zaidi, Kiingereza kilekile. Picha, Kiingereza. Kinasa sauti, Kiingereza kitupu, tena kimeongezwa swali jipya: ukimaliza kurekodi kinakutolea maneno matatu uchague moja. Bibi alichagua la katikati. Vipimo vya wafanya usafi wawili vikapotea, ikabidi awaite tena, na mmoja akauliza kwani wamenenepa tangu juzi.

Mwanawe, karani wa ofisi fulani, akaja na kitochi kipya ndani ya boksi.

"Mama, hizi simu kubwa si za kila mtu. Chukua hii, ina vitufe. Hiyo nyingine nitakutunzia mimi."

"Kinatunzwa kilichoharibika. Mimi nina kazi."

"Basi kesho twende kwa fundi. Akishindwa, unachukua kitochi. Tumekubaliana?"

"Twende," alisema Bibi, na neno la kukubali hakulitamka.

Fundi simu alikuwa na kibanda cha kioo chenye taa ya kuinama na bisibisi ndogo zilizopangwa kwa urefu. Mtaa mzima ulimwita Daktari. Aliipokea simu, akaipitishia kidole huku na huku, akakunja uso.

"Sasisho limekwama nusu, mama. Tunaifuta yote, inaanza upya kama ilivyotoka kiwandani. Nusu saa tu."

"Na sauti zangu?"

"Za kwenye kinasa? Zitakwenda. Kuna nakala mahali?"

Hapakuwa na nakala. Mwanawe akasema, "Mama, ni vipimo tu, utapima tena." Bibi Pindo akaifunika simu kwa kiganja. Nani atakayempima tena mtu kwa sauti ya marehemu?

"Daktari," alisema taratibu, "ukishaifuta, haya ya Kiingereza yatageuka?"

"Lazima yageuke."

"Umeshaona yakigeuka?"

Fundi akakohoa. Hakuwa ameona.

"Mimi pia ni fundi, mwanangu. Kitambaa nisichokijua sikikati kabla ya kujaribu kwenye kipande. Ile pale kwenye rafu si ndugu yake na hii?"

Kweli ilikuwa aina ileile, imefutwa juzi na kusasishwa, inangoja mnunuzi. Fundi alitaka kubisha, akaona yule mama ameshavuta kiti na kukaa. Akaiwasha, akaiwekea Kiswahili, na vichwa vitatu vikainama juu ya kioo cha simu. Mipangilio, Betri, Sauti. Akaingia ndani: Kiingereza. Akafungua kinasa sauti: Kiingereza kitupu, na maneno matatu yaleyale.

Mwanawe akajifanya anasoma tangazo ukutani.

"Kwa hiyo ungenifutia bure," alisema Bibi.

"Nisamehe, mama." Fundi alikuwa mtu wa kukiri, hilo tumpe. "Simu haina ugonjwa. Waliotengeneza wametafsiri sehemu tu. Penye neno la Kiswahili, linakuja. Ambapo hawajaandika, Kiingereza kinajaza nafasi. Hata nikiifuta mara kumi."

"Basi si tuirudishe yote kwenye Kiingereza?" mwanawe akadakia. "Angalau yafanane."

"Yafanane ili nisielewe hata moja? Nguo yenye mkono mmoja haitupwi, baba. Unadai wa pili."

Tangu hapo Daktari alifanya kazi sawasawa. Kwanza kabisa alizinakili sauti zote kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Kisha akafungua pahali ambapo kila programu hupewa lugha yake, Bibi akifuata kwa kidole. Ya picha ilikuwa imefungiwa Kiingereza kwa mkono wa mtu. Mwanawe akakumbuka kwamba aliwahi kuichezea. Ikachaguliwa Kiswahili, ikageuka papo hapo. Ya kinasa sauti ilikuwa na lugha nyingi, nyingine hata fundi hakuzijua, ila Kiswahili hakikuwemo.

"Hapo mimi mkono wangu haufiki," alisema.

"Wa wenyewe unafika? Hakuna pa kuwaambia?"

Palikuwa na sehemu ya kutuma maoni, nayo imeandikwa, si mwajua, Kiingereza. Bibi alitamka na fundi akaandika, kwa Kiswahili, herufi kwa herufi: "Mmeshona mkono mmoja mkauacha wa pili. Mteja amesimama anangoja. Malizeni kazi." Fundi akauliza kama aongeze tafadhali. Bibi akasema tafadhali huwekwa mwanzoni, kabla kazi haijaharibika.

Nyumbani alitandaza kipande cha kitambaa cheupe. Maana ya yale maneno matatu alikuwa ametajiwa na Daktari; kuyasoma hakujua, lakini ni umbo gani lililowahi kuishinda sindano yake? Aliyanakili kutoka kwenye kioo kwa uzi: la kwanza jeusi, ndilo la kurudi nyuma; la katikati jekundu, la kutupa; la mwisho kijani, la kuhifadhi. Pembeni ya kila moja akashona Kiswahili chake, pindo akalikunja mara mbili, akakitundika ukutani juu ya cherehani.

Mwanawe alikuja Jumapili, boksi la kitochi bado mkononi. Alikitazama kile kitambaa muda mrefu.

"Lakini mama, kung'ang'ania huku kote kwa ajili ya vipimo?"

Bibi Pindo aliichukua simu. Alifungua kinasa sauti, akashuka mpaka chini kabisa, akabonyeza. Chumba kikajaa sauti ya mzee: "Kijana wetu, suti ya kuanzia kazi. Kiuno thelathini. Mama, mwachie nafasi mshononi, huyu atanenepa, naujua ukoo wangu. Na usimwambie kwamba nimefurahi, atavimba kichwa."

Mwanawe alikaa juu ya marobota ya vitambaa. Boksi likamponyoka mkononi naye hakuliokota.

"Baba yako nimemzika mara moja," alisema Bibi Pindo. "Ya pili nilikataa."

Alimwacha afute macho. Kisha akaitoa futi shingoni.

"Simama. Hiyo suruali imekubana mpaka naona aibu."

Mwanawe alisimama, akanyoosha mkono kuelekea simu. "Nikubonyezee?"

"Shusha mikono nikupime," alisema mama yake, akapima, akataja namba kwa sauti kubwa, akatazama ukutani mara moja, akabonyeza la kijani.