Kivimbe Changu na Chake

Kwenye ploti yetu hapa Kianda, mgonjwa nilikuwa mimi. Katikati ya shingo nilikuwa na kivimbe kidogo tangu utotoni, na juzi nilipopata homa kikafura kama ndimu, kikaanza kuuma. Kila mtu akasema ni goita. Jirani yangu wa mlango wa pili akanichotea maji, akanipikia uji, akanifulia hata shuka. Nami nikajua kudeka, woi!

Siku ya kliniki alinisindikiza. Daktari alinipa maji, akasema nimeze huku akitazama. Kivimbe kilipanda.

"Goita pia hupanda hivyo," akasema. "Sasa toa ulimi."

Nikautoa wote. Jirani akacheka hadi akaegemea ukuta. Kivimbe kikapanda tena. Daktari akaeleza kwamba goita haivutwi na ulimi. Changu kiko katikati kabisa, ni laini na ni cha miaka mingi, kwa hivyo yeye anaona ni kifuko chenye majimaji kilichoingiwa na maambukizi. Angenipa dawa, nipigwe picha, na pengine baadaye kitolewe.

Haki, nilipiga kigelegele mle mle ndani. Nikamvuta jirani mkono, nikasema kwa furaha yangu ya kijinga, "Huyu naye ana kake, kadogo tu, hata hakaumi. Hebu mwangalie."

"Wacha bwana, mimi niko sawa," akasema, lakini akafungua leso.

Daktari alimpapasa juu ya mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, upande wa kushoto, na vidole vyake havikuondoka haraka. Tezi kadhaa, ngumu, zimeshikana, hazisogei. Zilianza lini? Kabla shule hazijafunguliwa, muhula uliopita. Anakonda? Anatoka jasho usiku?

Akajibu ndiyo, ndiyo, polepole. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nikimtania kwamba anajipunguza apate bwana mpya. Shuka zake zilizolowa nilikuwa nikiziona kwenye kamba kila asubuhi, na bado nikamrushia zangu afue.

"Tezi ya mafua hufura, ikauma, kisha ikarudi ndani ya wiki chache," daktari akamwambia. "Hizi zako hazijarudi. Inaweza kuwa TB, ambayo ina dawa, au kitu kingine. Tutachukua sampuli kwa sindano ndipo tujue."

Sampuli imechukuliwa, majibu hatujapata. Changu kimeshaanza kunywea, na kila nikikigusa naona aibu, kwa sababu mle ndani nilishangilia kabla yeye hajapimwa.

Leo nimeamka mapema nimchotee maji kabla hajatoka. Nilipofungua mlango nilimkuta amesimama hapo, anahema, mtungi wangu umejaa.

"Shingo imeamkaje?" akaniuliza.

Alimaanisha yangu.