Kiwanja cha Baba na Datamu Mbili

Baba yangu alikuwa mpangaji tangu siku aliposhuka Dar es Salaam kuja kufundisha. Nilizaliwa kwenye chumba na sebule Mwananyamala, tukahama mara nne humo humo, na kila mara baba alibeba mwenyewe kabati la vitabu kwa sababu hakumwamini mtu wa mkokoteni. Wenye nyumba wetu walikuwa watu wa kawaida tu, wengine wema. Lakini baba alichukia kuomba ruhusa ya kugonga msumari ukutani. Alipopata kiwanja cha mradi wa manispaa huko mbele ya Mbagala, alitukusanya akatusomea barua ya toleo yote, hadi jina la aliyeipiga chapa. Kisha akasema, "Mie nikifa, mnizike kwangu. Sitaki kulala kwa mwenye nyumba."

Sisi ni watu wa bara. Kwetu mtu akifia mjini anarudishwa, hata ikibidi kuchangishana wiki nzima. Baba zangu wakubwa wawili walimkasirikia kwa kauli ile na hawakuificha hasira yao. Baba hakurudi nyuma. Alisema kaburi la mtu ni kwenye ardhi yake, na ardhi yake iko Temeke.

Mimi wakati huo nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nasomea upimaji wa ardhi, nikiwa na majivuno ambayo hadi leo yananichoma. Kiwanja kilipimwa zamani, lakini mradi ulilala na pori likarudi. Baba hakujua kilipo. Alikuwa na nakala ya ramani ya upimaji tu, yenye koodineti, yaani namba za mahali, za kona nne. Nikamwambia asihangaike kumlipa mtu, binti yake ni sevea. Kwenye ofisi niliyokuwa nafanya mafunzo kwa vitendo, pale Kinondoni, niliazima jipiesi ya mkononi, nikaingiza namba zile, tukaenda siku ya Jumamosi.

Kabla hatujaondoka baba alivaa miwani, akaisoma ramani kama anavyosahihisha daftari la mwanafunzi. Chini kabisa, pembeni, paliandikwa Arc 1960. Akaniuliza, "Hii nayo ni nini?" Nikamjibu, "Ni jina la mfumo waliotumia tu, baba. Twende, jua litatukuta njiani."

Mfumo tu! Niliufanyia mtihani mfumo huo na nikafaulu vizuri. Nieleze hapa ili mtu asidhani ni uchawi. Dunia haina mistari. Namba za ramani zinahesabiwa juu ya umbo la kufikirika, mviringo uliobanwa kidogo juu na chini, na lazima mtu aamue umbo hilo lina ukubwa gani na kitovu chake kikae wapi. Waliopima Afrika Mashariki zamani walichagua umbo lao, wakalikalisha mahali lilipowafaa kwa vipimo vya huku, wakaliita Arc 1960. Satelaiti zilipokuja zikatumia umbo jingine, ambalo kitovu chake kiko katikati ya dunia yenyewe. Hiyo ndiyo WGS 84, ambayo jipiesi na simu zote huwa nayo zikitoka dukani. Gridi, ile miraba ya kwenye ramani, ni ile ile, UTM, kanda ya thelathini na saba kusini, na namba zinafanana kwa sura kabisa. Ila zimesimama juu ya maumbo tofauti, ambayo sisi masevea tunayaita datamu. Ndiyo maana hata leo ukichukua ramani ya zamani ya Dar es Salaam ukailaza juu ya picha ya satelaiti bila kubadilisha datamu, barabara ya Kilwa inapita juu ya mapaa ya watu. Mji haujasogea. Namba ile ile inaangukia udongo mwingine.

Kwenye jipiesi ile kulikuwa na sehemu ya kuchagua datamu. Kubonyeza mara mbili tu. Sikuifungua.

Tulipofika, mashine ikatupeleka juu, penye mwinuko, pana upepo na mtu anaona minazi ya mbali. Mama mmoja aliyekuwa akilima muhogo jirani alitusogelea. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza namba ya kiwanja, kisha akatikisa kichwa. "Namba hiyo siyo huku, mwanangu. Wakati wanapima tulikuwepo. Hiyo ipo kule chini, ukielekea bondeni." Nikamwonyesha kioo cha mashine. Nilimweleza kwa upole, ule upole wa kumweleza mtu usiyemheshimu, kwamba hizi namba zinatoka kwenye satelaiti. Baba akatutazama wote wawili. Akasema, "Bibi, huyu binti yangu amesomea." Nakumbuka alivyolitamka neno amesomea. Mama wa muhogo akarudi kwenye jembe lake.

Tukafyeka. Hatua nne kutoka pale mashine iliposema, panga likagonga zege. Bikoni, jiwe la mpaka! Kipande cha chuma kimejitokeza katikati, kina kutu na udongo. Baba alipiga magoti, akaishika kwa mikono miwili, akacheka hadi miwani ikaanguka. Kila bikoni ina namba yake kichwani. Sevea akiipata kazi yake ya kwanza ni kuikwangua aisome. Mimi sikukwangua. Kwenye mradi wenye viwanja mamia vya ukubwa mmoja, popote utakaposimama utakuwa karibu na bikoni ya mtu. Nililijua hilo pia. Lakini baba alikuwa anacheka, na mimi ndiye niliyemchekesha.

Alijenga msingi taratibu, kwa pensheni. Hakufika kwenye kuta. Figo zilimchukua kwa miezi mitano, na siku za mwisho pale hospitali alikuwa akituuliza kama mvua imeharibu msingi. Baba zangu wakubwa walikuja na basi hadi Mbezi Luis, wakashuka wakiwa wameshaamua kwamba mwili unaondoka. Mama akasimama sebuleni akasema mume wake ana kwake. Ndipo nikaitoa ramani, nikaitandaza mezani mbele ya wazee wale, nikaweka kidole juu ya kiwanja. Mkubwa wao akaikunja ramani, akanirudishia. Serikali ya mtaa ikatupa kibali, tukamzika juu kwenye upepo, mita chache nyuma ya msingi wake. Mimi ndiye niliyechagua mahali. Nilifarijika sana siku ile, na faraja ile sasa naionea aibu kuliko kitu chochote.

Mwaka wa pili baada ya mazishi, mwenye kiwanja kile alikuja. Nesi mstaafu wa Mtoni, mtu mzima, kavaa baibui jeusi na viatu vya raba, ana ramani yake kwenye bahasha ya plastiki. Alikuwa amekuja kuonyesha mafundi kiwanja chake, akakuta msingi na msalaba. Hakupiga kelele. Alimpigia mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti akaja, akanipigia mimi, akampa simu tuzungumze.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pole mwanangu na msiba. Sasa tufanyeje?"

Niliomba siku tatu. Sikuzihitaji. Jioni ile ile ofisini niliziingiza namba za baba kwenye kompyuta, safari hii nikiiambia ni Arc 1960, nikazibadilisha kwenda WGS 84. Nukta ikaruka. Mita mia tatu na mbili kusini, mita tisini na sita mashariki; ukikata moja kwa moja, mia tatu na kumi na saba. Hakuna sevea wa Dar es Salaam asiyeujua mruko huo. Tunawatania wanafunzi kwa huo, tunasema fulani leo kaenda na ile mia tatu yake. Nilikaa nikitazama nukta mbili kwenye kioo, na nilitamani kuwa nimekosea kwa namna yoyote nyingine, kosa geni, la ajabu, ambalo mtu angesema lingempata yeyote.

Asubuhi nilikwenda na brashi ya waya. Nikaikwangua ile bikoni. Namba ilikuwa ya nesi.

Kisha nikashuka kuelekea bondeni. Kiwanja cha baba kipo. Kona zote nne zina bikoni, hazijang'olewa. Wamejenga kulia, wamejenga kushoto, katikati pameachwa wazi na watoto wanachezea mpira. Nilimuuliza mwanamke aliyekuwa anaanika nguo kwa nini hapajajengwa. Akasema, "Hapo ni kwa mwalimu. Jina lake lipo kwenye orodha ya mtaa. Sie tunamlindia, ila hajawahi kuja." Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, nikalia mbele ya mtu nisiyemjua.

Mama nilimweleza nyumbani, na ramani, na karatasi, kama mjinga. Nikamsimulia tangu siku ya kufyeka, nikamchorea maumbo mawili. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza kitu kimoja tu, "Yule bibi wa muhogo alikuwa sahihi?" Nikasema ndiyo. Akaingia chumbani akafunga mlango. Sikuwahi kumwona mama akifunga mlango mchana.

Nesi alikataa kubadilishana viwanja, na alikuwa na haki. Bondeni maji yanaingia, na mwanawe anatumia kiti cha magurudumu. Lakini alisema kaburi libaki. Atajenga mbele, atalizungushia ua mdogo, na sisi tutakuja tunapotaka. Kaburi moja, alisema, zaidi ya hapo hataweza. Mimi nilianza kuulizia kibali cha kufukua. Mama akanikatiza, "Simziki mume wangu mara mbili."

Kwa hiyo baba bado ni mpangaji. Nyumba ya nesi imekwisha, nzuri, ina geti la bluu. Siku ya kumbukumbu mama anavaa kitenge chake, anasimama getini na maua, anapiga hodi. Anasubiri. Nesi anafungua, wanaamkiana, wanaulizana hali za watoto, anapitishwa nyuma ya jiko hadi kwa mumewe. Nesi ni mtu mwema kweli kweli. Mama akitoka anamshukuru kila mara, na mimi nasimama barabarani na funguo za gari mkononi nikitazama chini.

Mara ya mwisho, tulipotoka, mama hakutaka kuingia kwenye gari. Alisema tushuke kwa miguu hadi kiwanjani kwetu, anataka kupaona vizuri. Sasa anaumwa moyo, tulitembea polepole. Watoto wakasimamisha mpira wakatuamkia. Akauzunguka uwanja wote, akagusa bikoni moja kwa kidole cha mguu, kisha akachagua kona ya juu, isiyofikiwa na maji, akasimama hapo.

"Mimi mtaniweka hapa," akasema. "Kwake hakuna nafasi tena."

Nikasema, mama, usiseme hivyo.

Aligeuka akatazama juu kule, lakini nyumba za watu zimejaa, geti la bluu halionekani. "Kutoka hapa hadi alipo yeye ni mita ngapi?"

Nilikuwa na simu mkononi, na mama alidhani nitapima.

"Mia tatu na kumi na saba, mama," nikamwambia.