Mbeba Mabango

Kwenye kongamano la wataalamu wa maji, bosi alimtambulisha dada wa maabara kwa mhandisi mgeni: "Huyu ni mbeba mabango wetu tu."

Dada aliimeza hasira, ila hakuisahau. Kwenye maongezi hayo mhandisi alikuwa amelalamika kwamba vichujio vyake vya maji vinaziba, basi kesho yake dada akamwandikia jinsi anavyovisafisha vya kwake. Miezi mitatu baadaye akamuuliza kama njia hiyo ilisaidia. Makala ya mhandisi ilipotoka, akampongeza. Mvua zilipoanza, akamtumia vipimo vyake vipya. Hakuomba kitu hata siku moja.

Mwaka ulipotimia, mhandisi alimwalika awe mtoa mada kwenye kongamano aliloliandaa yeye.

Bosi akaja mbio. "Mdogo wangu, na mimi nitafutie nafasi."

"Ipo, bosi," dada akatabasamu. "Nahitaji wa kunibebea mabango."