Maumivu ya Mama Upande wa Kushoto

Mama yangu hakuwa mtu wa kuacha kofia katikati. Akishakaa na sindano yake kwenye chumba cha juu, hata mgeni akiingia humkaribisha huku mkono ukiendelea na kazi. Kwa hivyo asubuhi nilipomkuta amelala ubavu, magoti kayakunja, na kofia ya vito aliyokuwa akiishona imeanguka sakafuni, nilijua kuna jambo. Nilimgusa paji la uso, lilikuwa la moto.

Aliniambia tumbo lilianza kumuuma tangu juzi, kidogo kidogo, kisha likazidi. Alinionyesha mahali kwa kidole kimoja: upande wa kushoto, chini ya kitovu, karibu na nyonga. Alikuwa amekunywa maji ya tangawizi na kujikanda kwa chupa ya maji moto, akidhani ni choo kigumu, maana choo kilikuwa kinamsumbua kwa miezi. Alitaka asubiri mpaka kesho. Nilimvisha buibui nikampeleka hospitali.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana wa Kwale, mpole, mwenye mikono mirefu. Alimwamkia mama shikamoo kabla ya kumuuliza lolote, na mama, pamoja na maumivu yake, aliitikia marahaba kwa sauti ya kuridhika. Alimbonyeza tumbo taratibu kuanzia upande usiouma. Alipofika kushoto chini, mama alikaza uso na kumshika mkono.

Maswali yakafuata. Maumivu yalikuja ghafla au polepole? Anaharisha? Amewahi kuona damu chooni? Amepungua uzito? Kuna aliyeugua utumbo katika ukoo wao? Mama alijibu la kwanza vizuri. Kwa damu alisema hapana. Kwa uzito alisema nguo zake zimekuwa pana kidogo, lakini ni uzee. Dada yake, khalati yangu, alikufa kwa saratani ya utumbo, lakini hilo nililisema mimi. Yeye alikuwa akitazama ukuta.

Muuguzi alimchoma sindano ya kutoa damu ya vipimo, akamtundikia dripu. Daktari alipotoka kwenda kumwona mgonjwa mwingine, mama alinivuta mkono.

"Damu nimeiona," akasema. "Si leo. Tangu kabla ya Ramadhani, mara moja moja."

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Niliiona ya dada yangu. Nilijua ilikoishia."

Nilitaka kumlaumu, nikashindwa, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeogopa tangu asubuhi na sikuwa nimelitaja neno saratani mpaka nilipolazimika. Nilimwambia daktari lazima ajue. Akataka nimwambie mimi. Nikamjibu nitasimama karibu yake, lakini maneno ayatoe yeye, kwa kuwa tumbo ni lake na ndiye aliyeiona damu.

Daktari aliporudi, mama alimwambia bila kumtazama usoni. Yule kijana hakumkemea. Alivuta kiti akaketi, macho yao yakawa usawa mmoja.

"Ahsante kwa kuniambia, mama. Nina mambo matatu kichwani na sitakuficha hata moja. La kwanza ni vifuko. Watu wengi wakizeeka, ukuta wa utumbo mpana hutoa vifuko vidogo, na kimoja kikiwaka, yaani kikivimba kwa maambukizi, huleta maumivu hapo hapo ulipoonyesha, pamoja na homa. Hilo ndilo ninalolidhania zaidi. La pili ni saratani, kwa sababu ya ile damu, uzito, na dada yako. Hilo siwezi kulisahau. La tatu ni damu kutofika vizuri kwenye utumbo. Faili lako linasema una presha na sukari, kwa hivyo mishipa nayo lazima niifikirie. Mara nyingi hilo huja kwa ghafla na kufuatiwa na kuharisha damu, na wewe hukupata hivyo. Lakini kwa mkono peke yake siwezi kuyatenganisha."

Mama aliuliza atayatenganisha kwa njia gani, basi. Akamjibu kwa skani, baada ya kuhakikisha figo zake zinaweza kuistahimili dawa inayoonyesha mishipa. Majibu ya figo yalikuwa mazuri. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimepanda, dalili ya maambukizi.

Skani ilionyesha vifuko vingi upande wa kushoto, na mafuta yaliyouzunguka utumbo yamevimba pale penye maumivu. Mishipa ilikuwa wazi. Utumbo haukuwa umetoboka, wala hapakuwa na usaha uliojikusanya. Nilipumua. Kisha daktari akasema ukuta wa utumbo umenenepa mahali hapo, na uvimbe wa namna hiyo unaweza kuificha saratani nyuma yake. Kamera ya kuingia utumboni ndiyo ingekata shauri, lakini si sasa. Utumbo uliowaka hivi, ukiupitishia kamera na kuujaza hewa, unaweza kutoboka. Atibiwe kwanza, apone, kisha baada ya wiki kadhaa aje.

Mama alilazwa, akapewa antibiotiki kwa mshipa, na kwa chakula vitu vya majimaji tu. Homa ilishuka. Siku aliyoomba uji wa mchele, kisha akalalamika kwamba hauna nazi, nilijua tunarudi nyumbani. Walimruhusu na vidonge vya kumalizia. Kabla ya kuondoka aliuliza kama aache mapera, maana jirani alimwambia mbegu hukwama kwenye vifuko. Daktari alicheka kidogo, akasema mbegu hazina kosa. Ale mapera yake, na akishapata nguvu aongeze mboga na maji polepole.

Zile wiki za kungoja zilikuwa ndefu kuliko zile siku za wodini. Mama alipona kabisa, na hapo ndipo alipoanza kuikataa kamera. Alisema mtu mzima hawezi kwenda kufunuliwa mbele ya vijana. Nilipiga simu hospitali, nikaambiwa yupo daktari wa kike anayeifanya kazi hiyo, na muuguzi pia atakuwa mwanamke. Nilipomweleza na kumuuliza kama hivyo itamfaa, alitunga sindano uzi.

"Dada yangu hakuna aliyemuuliza hivyo," akasema. "Nitakwenda."

Alikunywa dawa ya kusafisha tumbo bila kulalamika, ingawa ilimpeleka chooni mchana kutwa. Walimpa sindano ya kusinzia. Mimi nilikaa nje nikihesabu tasbihi, nikipoteza hesabu, nikianza tena.

Daktari wa kike alitoka akiwa bado amevaa aproni. Mahali palipovimba pamepona, vifuko vipo, saratani hakuiona. Juu kidogo ya hapo alikuta kinyama chenye kikonyo, kinachovujavuja damu. Alikikata chote, akakipeleka maabara. Majibu yalipokuja yalisema ni aina ya kinyama ambayo ikiachwa miaka mingi ingeweza kugeuka kuwa saratani, lakini bado haikuwa imegeuka. Mama atarudi kuangaliwa tena baadaye.

Nilimsomea majibu hayo kule chumba cha juu. Aliniuliza mara mbili kama ndivyo yalivyoandikwa. Kisha akalia, akajifuta kwa ncha ya leso, akamtaja dada yake kwa jina, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi.

Kabla hatujaachana na yule daktari wa kike, alikuwa ameniuliza umri wangu, akaniambia nisingoje mpaka niumwe. Kwa kuwa ugonjwa huu upo katika ukoo wetu, nami pia nikaangaliwe. Nilimwambia mama hivyo nikidhani ataogopa. Aliniuliza ni siku gani, ili amalize kofia ya mteja mapema, kisha anisindikize.