Mikono Yangu Kwenye Kioo

Ninatafsiri lugha ya ishara nikiwa nyumbani, mtaa wa Bel-Air, kwa video. Mama yangu alikuwa hasikii tangu utotoni, kwa hiyo mikono ilinifundisha kusema kabla ya mdomo.

Jumanne moja mkutano wa muda wa saa moja ulinimalizia karibu giga moja na nusu za intaneti. Ilibaki giga moja tu, na forfait nyingine, kifurushi cha intaneti, ningeipata Ijumaa. Alhamisi dada mmoja kiziwi, mchoraji wa ramani, alikuwa na mahojiano ya kazi kwa video, na mimi ndiye mkalimani wake. Sikutulia. Kila mara nilifungua simu kuangalia giga, kana kwamba zingeongezeka.

Mdogo wangu, fundi wa kompyuta, huniita Yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa. Aliniambia, "Yaya, funga kamera. Batakusikia tu."

"Na mikono yangu, batasikia?"

Akacheka, akavuta kiti. Akanionyesha kwamba sura za watu wote kwenye kioo cha kompyuta zilikuwa zinakula giga nyingi kuliko yangu. Akazima HD, ile picha kali. Akaiambia kompyuta kwamba inatumia hotspot ya simu yangu, yenye kipimo, isije ikajisasisha kimyakimya. Tukajaribu ubora wa chini kabisa, lakini vidole vyangu vikawa uji.

"Hapana, ile haifai," nikasema. "Yule dada akitaja jina kwa herufi za vidole, sitaona kitu."

Tukapanda ngazi moja. Nikaketi mbele ya ukuta mtupu, dirisha likiniangaza usoni, maana picha isiyo na mambo mengi nyuma haitumii sana.

Alhamisi saa nne asubuhi niliwaomba wahojaji watatu wazime kamera zao. Wawili walikubali. Mkubwa wao alikataa.

"Mimi napenda kuonekana," akasema kwa Kifaransa.

Basi nikaacha sura ya yule dada peke yake ijaze kioo changu, na ya mkubwa ikabaki kipande kidogo pembeni. Dada alijibu vizuri, haraka, na nilimfuata. Lakini saa moja ilipita, maswali yakaendelea. Hesabu ya giga ilikuwa kwenye simu, chini ya meza, na macho yangu yalishuka huko tena na tena. Walipoaga, nusu giga ilikuwa imebaki. Hofu yote ile ilikuwa bure.

Dada akabaki kwenye laini. Uso wake haukuwa na furaha.

"Kwa nini ulikuwa unaangalia chini?" aliuliza kwa mikono. "Nilifikiri majibu yangu yanakutia haya."

Nilimweleza habari ya giga. Akanijibu polepole, "Siku nyingine niambie mapema. Mimi ninasoma macho pia."

Wiki iliyofuata walimpa kazi. Aliponiandikia, aliomba niwe mkalimani wake kwa video siku ya kwanza. Nilikubali, na siku hiyo simu nikaiacha chumba kingine, ingawa moyo ulinienda mbio saa nzima kwa kutojua giga zimebaki ngapi.