Banda la Pili la Bi Insaf

Wiki ile Bi Insaf alikuwa akicheka peke yake njiani. Kule Abbasia, jirani na kituo cha treni, kulikuwa na kibanda kizuri kinachomsubiri afungue banda la pili, na mwenye nacho alitaka jibu Alhamisi. Mtaa wake wa Shubra, huko huko Kairo, ulishajua habari zote, na wengine walishaanza kumpongeza. Kwani taamia zake, kababu za maharagwe ya fuli yaliyosagwa na kotimiri, si zinagombewa kila asubuhi kama zinagawiwa bure?

Aliyemmwagia maji ya baridi ni Haji Bahgat, muuza juisi wa ng'ambo ya barabara, mwenye maduka matatu.

"Wewe ukienda Abbasia, hapa atabaki nani?"

"Raafat, mtoto wa dada yangu. Ameota ndevu kwenye banda langu."

"Ndevu sikuulizi. Taamia zitakuwa zile zile?"

"Haji, una wivu!"

"Ninao. Basi kesho njoo ukae hapa kwangu, utazame. Ila usivuke barabara, hata banda likiwaka moto."

Kesho yake Bi Insaf alikaa nyuma ya rundo la miwa, shingo nje kama kasa. Moyo ulimdunda kwa raha. Foleni ilikuwa ile ile. Raafat alikuwa na maneno matamu, mikate ilikuwa ya moto, na Wisam, mkaangaji, hakuunguza hata moja.

"Unaona?" Bi Insaf alisema. "Nimpigie mwenye kibanda sasa hivi?"

"Jua bado halijapanda. Kunywa juisi."

Jua lilipopanda, Mzee Shukri akafika. Mzee huyu aliendesha tramu mpaka akastaafu, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kula taamia za Bi Insaf na kulalamika juu ya mambo mengine yote. Aling'ata, akaitazama ile taamia, akaing'ata tena. Kisha akaifunga kwenye karatasi, akaitia mfukoni na kuondoka bila kulalamika.

Bi Insaf akasimama. "Amebakiza! Mzee Shukri amebakiza!"

"Keti!" Haji Bahgat alimzuia kwa muwa. "Ukiwa Abbasia utamkimbilia?"

Haji alikwenda yeye mwenyewe kununua moja. Bi Insaf aliipasua kwa vidole. Nje ilikuwa imekauka vizuri, lakini ndani ilikuwa nzito na imeshikana, haina vile vitundu vya hewa. Alijua palepale kuwa kosa ni magadi, yale ya kuumulia.

Banda lilipofungwa ndipo alipovuka.

"Raafat, magadi ulitia saa ngapi?"

"Alfajiri, mama mkubwa. Kwenye karai lote la fuli."

"Lote? Yakae mpaka saa hizi yana nguvu gani? Mimi natia kwenye kile ninachochota tu, kinachokwenda kwenye mafuta muda huo huo!"

Raafat alimkodolea macho. "Wewe? Mimi naona unachota, unakoroga, huku unamsimanga Mzee Shukri. Nilidhani unakoroga tu."

Bi Insaf alifungua mdomo amtukane, akakosa wa kumtukana. Miaka yote mkono wake ulikuwa ukidokoa magadi wenyewe huku mdomo ukipiga soga, na hakuwahi kumwambia mtu. Aliona haya mpaka masikioni. Halafu akaangua kicheko, Wisam naye akacheka, na Raafat akafuatia kwa tahadhari.

Jioni ile walitafuta bakuli moja na kijiko kimoja. Bakuli moja la fuli iliyosagwa, kijiko kimoja cha magadi kilichofutwa juu, ikorogwe, ikaangwe hapo hapo. Raafat akafanya, akakosea, akarudia. Wisam naye akashikishwa kijiko, maana Raafat anaweza kuamka na homa. Walikula taamia mpaka wakachoka kuziona.

Alhamisi Bi Insaf alirudi nyuma ya miwa. Foleni ikapungua, jua likapanda, na Mzee Shukri akaja, akachukua mkate wake na kuvuka barabara kuja kukaa kivulini kwa Haji Bahgat, akiwa amempa mgongo Bi Insaf bila kumwona. Akang'ata. Akatafuna polepole. Bi Insaf alinyoosha shingo juu ya miwa.

Mzee alimaliza mpaka makombo ya kiganjani.

"Haji," akasema, "yule mwanamke ana kelele, lakini mkono wake, wallahi, hauna mwenzake. Juzi aliwaachia vijana wakaharibu. Leo nimemjua kwa tonge la kwanza."

Haji Bahgat alipaliwa na juisi.

Bi Insaf alitazama mikono yake mapajani, inanukia sabuni, pete alizozisahau kabatini zimerudi vidoleni. Kitu kilimchoma kidogo, akataka kupiga kelele kuwa si yeye. Kisha furaha ikampanda mpaka machozi yakamlenga. Akachukua simu akampigia mwenye kibanda.