Vitambaa vya Mama Mughwai na Kitabu cha Mlinzi

Habari ilifika bombani kabla ya maji. Mama Damiani, ambaye kwa mtaa mzima wa Mwankoko ndiye redio isiyohitaji betri, aliweka ndoo yake chini, akaangalia huku na huku, kisha akasema:

"Mmesikia? Mama Mughwai kashikwa na vitenge vya magendo huko Dar. Mzigo mzima! Ndiyo maana siku hizi anakonda kama kuku wa mdondo."

Lea alikuwa wa nne kwenye foleni, mtoto wake Gasto mgongoni. "Siyo vitenge, mama," alisema taratibu. "Ni vitambaa vya kuchujia mafuta."

"Weee! Na wewe fundi wake utasema nini tena? Kitambaa ni kitambaa, mwanangu."

Watu wakacheka. Lea aliona kwamba Mama Damiani, bila kujua, alikuwa amesema neno lilelile walilosema wenye mamlaka.

Huyo Mama Mughwai jina lake ni Dorkas. Alizaliwa Misigiri, akaolewa Singida mjini, na mumewe alipofariki alibaki na binti mmoja, huyo Mughwai, na magunia mawili ya alizeti. Alianza kwa kuuza mashudu kwa wenye ng'ombe. Katika kukaa milangoni mwa vinu akisubiri mashudu, akaona jambo ambalo wenye vinu waliliona kila siku wasilijali: mafuta yakitoka kwenye mashine ya kukamua hupita kwenye chujio, na chujio lile lina vitambaa vinavyochanika. Kikichanika kimoja, mafuta yanatoka meusi, wateja wanakunja pua. Watu walikuwa wanaziba kwa viroba. Dorkas akatafuta kitambaa chenyewe, kigumu, kilichofumwa kwa kubana, akakipata kwa muuzaji wa ng'ambo. Akawa anakiagiza kwa majora, Lea anakikata na kukishona kwa vipimo vya kila kinu, matundu manne ya pembeni na upindo wa mara mbili. Toka Singida mjini mpaka Mitundu, vinu vingi vilivaa mshono wa Lea.

Ndiyo kazi iliyomlisha Lea na mtoto, maana Sostenes, baba Gasto, alikwenda kulima Mitundu na kurudi kwake kulikuwa kama kurudi kwa mvua: ni kungoja tu.

Mwaka huu mzigo ulifika bandarini msimu wa kukamua ukiwa umeanza. Wakala wa forodha, kijana mmoja mwenye adabu aitwaye Idrissa, aliutolea tamko kama vitambaa vya kuchujia. Lakini ankara ya muuzaji iliandikwa maneno matatu tu, "kitambaa cha poliesta". Mzigo ulipofunguliwa, ni majora matupu, hayana tundu wala upindo, kwa kuwa kukata ni kazi ya Lea. Basi maofisa wa forodha wakauhamisha kifungu cha ushuru: ukawekwa kwenye vitambaa vya kawaida, vya nguo, ambavyo ushuru wake ni mkubwa. Na kwa kuwa bei ya ankara ilionekana ndogo ukilinganisha na vitambaa vya aina hiyo vilivyoingia karibuni, thamani nayo ikapandishwa. Pigo juu ya pigo. Uamuzi ulitoka tarehe mbili mwezi wa sita.

Siku hiyo Dorkas alikuwa wapi? Hospitali. Gasto alikuwa amelazwa jana yake, homa ya mapafu, maji yamejaa kifuani, mpira wa hewa puani. Lea hakuwa na mtu. Dorkas alifunga stoo yake akaja na mkeka na chupa ya uji, akakaa siku kumi na tisa. Walibadilishana: mmoja akilala, mwingine anashikilia ule mpira, maana mtoto alikuwa anauvuta.

Lea anakumbuka simu iliita. Dorkas aliitazama, akabonyeza ikazima.

"Nani, mama?"

"Hao wa Dar. Watasubiri. Mzigo hauna mapafu."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Baadaye uliingia ujumbe wa Idrissa: Mama, kama hukubali, unapinga kwa maandishi, ndani ya siku thelathini toka tarehe ya uamuzi. Dorkas aliusoma, akaurudisha mfukoni pamoja na simu.

Mtoto alipotoka, Jumatatu yake, Dorkas alivaa gauni la kanisani akaenda ofisi ya mapato pale mjini. Getini kulikuwa na mlinzi na kitabu kikubwa chenye mistari: jina, anakotoka, tarehe, saa, shida, sahihi. Kwenye shida Dorkas aliandika kwa herufi za kusimama, *Kupinga ushuru wa forodha, vitambaa si vya nguo ni vya kuchujia mafuta*. Maneno yalipitiliza mstari, mlinzi akamruhusu atumie na wa chini. Ndani akaambiwa anayehusika yuko semina. Jumatatu iliyofuata akaenda tena, akaandika tena, akasaini tena. Dirishani binti mmoja akamwambia mambo ya mzigo wa bandarini yanaamuliwa Dar, aandike.

"Nimeshaandika," alisema Dorkas.

"Basi sawa, mama."

Na Idrissa alipopiga, "Mama, umeandika?" akajibiwa hivyohivyo, "Nimeandika, na sahihi nimeweka. Mara mbili." Idrissa akashukuru. Kila mtu alimsikia mwenzake, na hakuna aliyedanganya.

Wakakaa kusubiri majibu. Majira yalikuwa yanakwenda. Mzigo umelala bandari kavu, kila siku gharama ya kuuhifadhi inaongezeka. Wenye vinu wanapiga simu kwanza kwa heshima, halafu bila heshima. Cherehani ya Lea ilifunikwa kanga. Mwisho Idrissa akasema, "Mama, nitumie basi nakala ya hiyo barua, niione ina muhuri wa kupokelewa." Dorkas akasema ataifuata kule ofisini.

Jumatatu ilikuwa Sabasaba, ofisi imefungwa. Jumatano walikwenda wawili, Dorkas na Lea, mtoto mgongoni. Safari hii yule wa semina alikuwepo, mzee wa makamo aitwaye Calist, miwani puani.

"Shikamoo, baba," alisema Lea.

"Marahaba. Karibuni. Enhe, Mama?"

Dorkas akaeleza. Akatoa kwenye mfuko ankara, karatasi ya benki ya kutuma hela, na kitambaa kikuukuu cha chujio, kimelowa mafuta ya msimu uliopita, kina mshono wa Lea pembeni. Ofisi nzima ikanuka alizeti. Calist akakipapasa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mimi forodha siyo kazi yangu," alisema, "ila ngoja tutazame." Akafungua kompyuta, akashuka kwenye orodha ya vifungu vya ushuru, akashuka, midomo ikicheza. Halafu akasoma polepole, akitafsiri: "Kitambaa cha kuchujia, cha aina inayotumika kwenye mashine za kukamua mafuta. Kipo. Kina kifungu chake chenyewe. Na hapa maelezo ya sura hii ya orodha yanasema hata kikiwa kwenye jora."

"Si ndicho hicho!" Dorkas alisimama. "Lea, umesikia? Kumbe kimeandikwa! Kumbe wanakijua!"

"Kaa, mama," alisema Calist, na Lea, aliyezoea kutazama nyuso za manesi kabla hawajasema, alijua kuna habari mbaya. "Barua yako ya pingamizi kwa Kamishna wa Forodha iko wapi?"

"Iko hapo getini."

"Getini?"

"Kwenye kitabu. Mara mbili. Leo ya tatu."

Calist alivua miwani. Hakucheka, na Lea alimpenda kwa hilo. "Mama yangu. Kile ni kitabu cha mlinzi. Kikijaa kinawekwa stoo. Hakiendi kwa Kamishna, hakiendi hata kwangu."

"Lakini ni maandishi."

"Ni maandishi. Ila hujamwandikia mtu."

Akawaeleza kwa utaratibu. Pingamizi ni barua kwa Kamishna, inataja uamuzi na tarehe yake, na inatoa hoja. Kifungu: ambatanisha kipande cha kitambaa, maelezo ya kiwanda, picha ya chujio likifanya kazi. Thamani: ambatanisha ankara, mapatano ya bei, karatasi ya benki, uonyeshe hiyo ndiyo bei uliyolipa kweli. Kamishna akikujibu usiporidhika, unakata rufaa Bodi ya Rufani za Kodi, ndani ya siku arobaini na tano. Hata mzigo ungeweza kuuchukua wakati unapinga, kwa kulipa walichokadiria au kuweka dhamana.

"Ningekuwa nacho cha kuweka, ningekuja kulia hapa?" alisema Dorkas.

"Mtu hapingi kwa kulia, mama, anapinga kwa hoja. Na hoja unayo, nzuri tu. Ulichokosa ni siku. Leo ni ya thelathini na saba."

Gasto akakohoa mgongoni, kikohozi kidogo cha mabaki. Wote watatu wakamtazama.

"Hakuna mlango tena?" aliuliza Lea. Hakujua kama ameruhusiwa kuuliza.

"Upo mmoja, mwembamba. Sheria inasema kama mtu alizuiwa na ugonjwa, au hakuwepo nchini, au sababu nyingine ya msingi, Kamishna anaweza kupokea barua iliyochelewa. Anaweza. Sikusema atapokea. Ulikuwa unaumwa, mama?"

Lea alitazama sakafu. Alimsubiri Dorkas aseme ndiyo. Neno dogo tu, na nani angejua?

"Mimi nilikuwa mzima," alisema Dorkas.

Walitoka. Getini mlinzi aliwasukumia kitabu waandike saa ya kutoka. Dorkas aliushika ule ukurasa, akapitisha kidole juu ya mwandiko wake mwenyewe, kisha akaandika saa, akasaini, kama mtu anayemfunika maiti.

Hawakupanda gari. Walitembea mpaka kwenye kivuli cha ukuta wa kinu kimoja, mashine imezimwa, magunia ya alizeti yamepangwa mpaka mlangoni. Lea alihesabu moyoni: siku kumi na tisa kati ya thelathini zilikuwa za mwanawe. Siku ambazo barua ingeandikwa, zilikuwa zimeshika mpira wa hewa. Alitaka kusema samahani, neno likaonekana dogo. Alitaka kusema asante, likaonekana dogo kuliko samahani.

"Mama, ungeniambia siku ile," alisema mwisho. "Ile simu. Ningeshika mpira peke yangu."

"Ungeshika, ukisinzia?"

Dorkas alikunja kile kitambaa chenye mafuta, kikawa kidogo, akakirudisha mfukoni.

"Nitamwambia Idrissa aweke hoja za kitambaa kwenye barua ya Kamishna, yeye ndiye anayezijua. Lakini ile sehemu ya kuchelewa yeye hakuwepo. Mwandiko wako ni mzuri, Mama Gasto, na wewe ulikuwepo. Leta karatasi ya kuruhusiwa hospitali, uniandikie leo hii. Andika simu iliita, na mimi niliizima. Andika na kitabu cha mlinzi, hata kama watacheka." Alinyoosha mkono akamsogezea Gasto kanga begani. "Andika yote kama yalivyokuwa. Ila nakuomba, mwanangu, usiandike popote kwamba najuta."